Mahitaji 17, Siku 48

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili wa masomo ya kompyuta tulikubali kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hapa Buyenzi, Bujumbura. Kikundi kina wanachama 25. Wengi wao ni wachuuzi wa sokoni: huyu anauza vitenge, yule ndagala wakavu, mwingine mawese. Hukutana kila Jumamosi alasiri, na fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo huwekwa na wanawake watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake.

Desturi yao ni hii. Katika kila mkutano mwanachama hununua hisa, si chini ya moja wala si zaidi ya tano, na hisa moja ni faranga 1,000. Hutoa pia kiasi kidogo cha mfuko wa jamii, wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Mwenye shida hukopa, mwisho mara tatu ya akiba yake, na hurejesha pamoja na riba waliyokubaliana. Mwishoni mwa Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, fedha zote hugawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mtu. Mzunguko mpya huanza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Hiyo Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ndiyo iliyotubana. Kama programu isingekuwa tayari siku hiyo, katibu angefungua daftari jipya la karatasi, na hakuna ambaye angekubali kuhama kutoka daftari hadi simu katikati ya mzunguko. Tulikuwa na wiki nane. Kila mmoja wetu aliweza kutoa siku mbili nzima kwa wiki bila kuharibu masomo yake. Watu watatu, siku mbili, wiki nane: siku 48 za kazi, basi.

Tukaenda kuonana na mwenyekiti na mweka hazina, tukawauliza wanataka programu ifanye nini. Tulirudi na mambo 17. Tuliyaandika kila moja kwenye kipande cha karatasi, tukakadiria siku za kila moja, kisha tukawaomba wale mama wawili watuambie yapi ni ya lazima. Wakasema 15. Mawili tu ndiyo waliyoyasamehe: picha za wanachama na michoro ya rangi ya kuonyesha akiba inavyopanda. Tulipojumlisha siku za yale 15 tukapata 71. Mtaka yote hukosa yote, lakini methali haikutuambia tuache lipi.

Mwalimu wetu ndiye aliyetukumbusha njia tuliyoisoma darasani na kuisahau baada ya mtihani. Wenyewe huiita Mosko, kwa sababu herufi za kwanza za makundi yake manne kwa Kiingereza ni M, S, C na W, zikatiwa herufi o mbili ili zitamkike kama jina la mji mkuu wa Urusi. Aliyeibuni ni Dai Clegg, mwaka 1994, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Oracle nchini Uingereza, na baadaye ikachukuliwa na watu wa utaratibu unaoitwa DSDM. Katika utaratibu huo siku ya kumaliza haisogezwi na idadi ya watu haiongezwi. Kinachoruhusiwa kupungua ni mambo ambayo programu itafanya. Kwetu sisi hali ilikuwa hiyo hiyo, tupende tusipende.

Makundi hayo tuliyapa majina ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya mkutano: Lazima, Inafaa, Ikiwezekana na Si Safari Hii. Majina ni rahisi. Ugumu uko katika neno la kwanza, kwa sababu kila mtu akiulizwa kama jambo lake ni la lazima atajibu ndiyo. Kosa letu la mwanzo lilikuwa swali lenyewe. Tuliuliza, "Je, hili ni muhimu?" Swali linalotakiwa ni jingine: "Siku ya kwanza ikifika na hili halipo, mtafanyaje?" Jibu likiwa kwamba mkutano hauwezi kuendelea, au kwamba fedha za watu zitakuwa hatarini, hilo ni Lazima. Jibu likiwa kwamba kuna namna ya kujikwamua, hata kama ni ya kuchosha, hata kama ni kwa kalamu na karatasi, basi hilo si Lazima, ni Inafaa. Kama kulikosa hakumuumizi mtu sana, ni Ikiwezekana.

Tukarudi Buyenzi na karatasi zetu 17 na swali jipya. Karatasi ya kwanza kuleta mabishano ilikuwa ile ya mgawo wa mwisho wa mzunguko. Tuliiona kuwa kazi ya siku saba. Mwenzangu alipoiweka upande wa Si Safari Hii, mwenyekiti aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," alisema, "mgawo ndiyo siku tunayoingojea mwaka mzima. Ukituondolea mgawo umetuachia nini?"

"Mama Mwenyekiti, hatuuondoi," nilimjibu. "Naomba nikuulize tu: mkutano wa kwanza wa Oktoba, mtagawana?"

"Tugawane nini, na sanduku ni tupu?"

"Na Novemba?"

Alinyamaza kidogo, akacheka. "Mpaka Agosti."

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoielewa njia hii. Jambo linaweza kuwa kubwa kuliko yote na bado lisiwe la lazima katika toleo la kwanza. Neno lazima halipimi thamani ya jambo, linapima kama toleo hili, kwa tarehe hii, linaweza kusimama bila jambo hilo. Mgawo ulikuwa na miezi kumi na zaidi ya kusubiri. Kuandika hisa za Jumamosi ya kwanza hakukuwa na hata wiki moja ya kusubiri.

Lakini kuuahirisha mgawo hakukuwa sawa na kuusahau. Hesabu yake ni fupi: fedha zote zilizo kwenye sanduku hugawanywa kwa idadi ya hisa zote, na matokeo ndiyo thamani ya hisa moja siku hiyo. Sanduku likiwa na faranga 2,600,000 na hisa zote zikiwa 2,000, hisa moja iliyonunuliwa kwa faranga 1,000 imekuwa 1,300, na mama mwenye hisa 100 anaondoka na 130,000. Hesabu hiyo inaweza kufanywa Agosti, lakini namba zake hukusanywa kuanzia Oktoba. Katika mchoro wetu wa mwanzo tulikusudia kutunza jumla tu ya hisa za kila mwanachama, kwa sababu ndiyo njia nyepesi. Mwenzetu mmoja akauliza: Agosti mtu akisema hisa zake ni pungufu, tutamwonyesha nini? Tukabadilisha, tukaamua kutunza kila manunuzi peke yake pamoja na tarehe na jina. Tangu siku hiyo, kila tulipoweka jambo katika Si Safari Hii tulijiuliza jambo hilo litahitaji kukuta nini siku litakapokuja. Kazi inaweza kuahirishwa, lakini kumbukumbu ambayo haikuandikwa leo haitapatikana kesho.

Baada ya mgawo karatasi nyingine zilikwenda upesi. Ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa kwa simu, siku tano. Kulipa hisa kwa pesa za simu, siku kumi na mbili. Kuweka vikundi vingi katika simu moja, siku sita: zote Si Safari Hii. Pamoja na mgawo zilikuwa siku 30 tulizojiondolea mabegani.

Upande wa Lazima yalibaki mambo saba: kuandikisha wanachama, mahudhurio pamoja na hisa za kila mkutano, mikopo na marejesho, mfuko wa jamii, jumla ya kufunga mkutano, kufanya kazi bila intaneti, na nakala ya kumbukumbu nje ya simu. Mawili ya mwisho wale mama hawakuyataja. Sisi ndio tuliouliza itakuwaje mtandao ukikatika katikati ya mkutano, na itakuwaje simu ikianguka majini. Kwa maswali hayo hawakuwa na njia ya kujikwamua, kwa hiyo yakaingia. Jumla ya kufunga mkutano ni ile namba ambayo programu inasema iwe ndani ya sanduku kabla kufuli hazijafungwa.

Mambo hayo saba yalikadiriwa siku 28. Mwalimu alituuliza hizo ni sehemu gani ya siku zetu 48. Tulipiga hesabu: chini kidogo ya asilimia 60. Akasema tusiongeze hata moja. Watu wa DSDM hushauri kazi ya Lazima isizidi asilimia 60 ya nguvu zote zilizopo, na Ikiwezekana iwe kama asilimia 20. Mwanzoni niliona huo ni uvivu uliovalishwa namba. Kwa nini tuache siku 20 bila Lazima ilhali watu wana haja nyingi? Sababu nimeiona baadaye kwa macho yangu. Makadirio hukosea, na karibu kila mara hukosea upande mmoja. Ukijaza siku zako zote kwa mambo ya lazima, kosa dogo la kwanza linakula jambo ambalo umekwisha kusema huwezi kuishi bila hilo, na tarehe inavunjika.

Katika Inafaa tuliweka taarifa ya mwanachama mmoja mmoja, faini za wachelewaji, na orodha ya mikopo iliyopita muda wake. Kila moja siku tatu, jumla tisa. Zote zilikuwa na mbadala wa karatasi: kila mama ana kitabu chake kinachogongwa muhuri kwa kila hisa, na faini katibu huziandika pembeni. Katika Ikiwezekana tuliweka picha, siku tatu, michoro ya rangi, siku tatu, na kusahihisha maandishi yaliyokosewa, siku nne. Jumla kumi. Ukijumlisha 28, tisa na kumi unapata 47. Siku moja ilibaki bila jina.

Msomaji makini amekwisha kuona tulipojikwaa. Kusahihisha makosa tuliliweka pamoja na picha na michoro. Jambo hilo alilipendekeza mwenzetu, na tulipowauliza wale mama kama lina haja, mwenyekiti alisema kwa fahari, "Katibu wetu hakosei." Mweka hazina akaitikia. Nasi tukaridhika. Katibu mwenyewe hakuwepo, alikuwa sokoni. Tuliwauliza wakubwa wa kikundi, hatukumuuliza mwenye kushika kalamu.

Kabla ya kuanza kazi tulisoma orodha yote mbele ya mkutano, hasa kundi la Si Safari Hii. Mama mmoja alikasirika kwa sababu ya ujumbe wa kukumbusha. Alisema ndicho kitu pekee alichokitaka. Hatukumbembeleza wala hatukumwahidi. Tulimwonyesha karatasi yake imebandikwa pamoja na nyingine tatu, na tarehe ya kuzitazama upya imeandikwa juu: mwezi wa Mei. Hakufurahi, lakini alijua. Ilikuwa bora akasirike Agosti, kazi ikianza, kuliko kukasirika Oktoba akiwa ameshika simu isiyomtumia ujumbe.

Tulianza na mambo yaliyotutia hofu, si na yale mepesi. Makundi manne hayasemi katika Lazima lipi litangulie. Hilo ni juu ya wafanyakazi wenyewe. Sisi tulitanguliza kufanya kazi bila intaneti, kwa kuwa likishindikana mengine yote hayana maana. Likafaulu. Mikopo ndiyo iliyotutesa: tulikadiria siku nane, ikachukua 11, kwa sababu ya watu wanaorejesha nusu nusu. Kisha mmoja wetu akaugua malaria, tukapoteza siku mbili. Siku zetu 48 zikawa 46.

Wiki ya tano tulikwenda mkutanoni kufanya jaribio. Katibu aliandika katika daftari kama kawaida yake, kisha akaingiza yale yale katika simu. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi wakati wa kufunga. Fedha zilipohesabiwa, zililingana na daftari. Simu ikadai sanduku liwe na faranga 3,000 zaidi.

Wakahesabu tena. Kiasi kilikuwa kile kile. Hakuna aliyesema neno, lakini macho ya watu yalianza kumwelekea mweka hazina, mama mtu mzima ambaye ameshika fedha za wenzake kwa miaka mingi. Alikunja mikono juu ya mapaja, akatazama chini. Nilitamani ardhi inimeze. Sisi ndio tuliokileta kile kifaa kilichokuwa kikimtuhumu.

Katibu ndiye aliyeokoa siku. Alipitia daftari na simu mstari kwa mstari akaona: mama mmoja alinunua hisa mbili, na kidole chake kikagusa tano. Tofauti ya hisa tatu, faranga 3,000. Watu wakapumua. Katibu akanigeukia akauliza kwa upole, "Sasa hapa nafuta vipi?"

Hakukuwa na vipi. Tulikuwa tumeliacha hilo liwe la mwisho, siku zikiruhusu.

Niliketi naye baada ya mkutano, nikamuuliza kwenye daftari hufanyaje. Akanifungulia kurasa. Karibu kila ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mwekundu juu ya namba fulani, namba sahihi pembeni, na saini tatu ndogo za wenye funguo. Katibu wetu hakosei, kweli. Hakosei kwa sababu husahihisha, na husahihisha mbele ya watu. Kama tungemuuliza swali letu, "Siku ya kwanza ikifika na hili halipo, mtafanyaje?", angetujibu mara moja. Mkutano usingeweza kufungwa.

Jioni ile kusahihisha kulihama kutoka Ikiwezekana kwenda Lazima. Kurasa zile zilitufundisha pia namna ya kulifanya. Tulikuwa tumefikiria kitufe cha kufuta. Lakini katibu hafuti, hupiga mstari, na kilichokosewa hubaki kinasomeka. Kwa hiyo na katika simu andiko la zamani hubaki mahali pake likiwa na mstari juu yake, andiko jipya hufuata, na tarehe zote mbili huonekana.

Sasa hesabu. Lazima ilikuwa siku 28, zikaongezeka tatu za mikopo na nne za kusahihisha: 35. Inafaa tisa: 44. Kati ya siku 46 zilibaki mbili. Picha zilihitaji tatu, na michoro tatu. Hazikutosha hata kwa moja. Hapakuwa na haja ya kikao wala ugomvi. Tulizing'oa karatasi mbili, tukazibandika upande wa pili. Siku mbili zilizobaki tulizitumia kukaa na katibu, akifanya mikutano ya kuigiza na kukosea makusudi.

Hapo nikaelewa zile siku 20 nilizoziita uvivu. Ikiwezekana si zawadi tunayowaandalia watu tukipata nafasi. Ni mto unaowekwa ili pigo likija litue juu yake. Mikopo ilituchelewesha, malaria ikatupunguza, na kosa letu wenyewe likadai siku nne, lakini vyote hivyo havikugusa jambo hata moja la Lazima wala la Inafaa. Kama tungeanza na Lazima ya siku 48, ni lipi tungelitupa wiki ya tano? Labda nakala ya kumbukumbu, kwa kuwa haionekani kwa macho. Nasi tungelitupa kimya kimya.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba programu ilitumika. Katibu alikosea mara mbili, akapiga mstari mara mbili, na jumla ya kufunga ikalingana na sanduku.

Mei tulikutana tena kama tulivyoandika. Hatukuchukua orodha ya zamani na kuendelea nayo. Tuliimwaga yote mezani na kuuliza upya swali lile lile, kwa tarehe mpya ya mwisho wa Agosti. Safari hii katibu aliketi katikati. Mgawo, uliokuwa Si Safari Hii, ukawa Lazima ya kwanza, na mwenyekiti aliuweka mahali pake kwa mkono wake. Ujumbe wa kukumbusha ukawa Inafaa, na yule mama aliyekasirika alikuwepo kuuona ukihamishwa. Karatasi ya michoro ya rangi ilipofika, tuliuliza nani anaitaka. Tulingoja kidogo, hakuna aliyejibu, tukaiweka kando tukaendelea na nyingine.